Koti la mvua lenye matone makubwa kama zabibu: uzoefu wangu na jenereta hii ya picha

Nyota moja, na sijutii. Huduma inayojinadi kwa picha za mvua ingepaswa kujua kwamba koti la mvua halilowi. Ukiandika `wet raincoat`, unapewa koti lililogeuka rangi na kugandamana na mwili kama shati la pamba. Ukiongeza `water droplets`, linajaa matone yenye ukubwa wa zabibu, yote sawasawa, yamepangwa kutoka kola hadi pindo.

Kilichonichemsha zaidi ni jibu la huduma kwa wateja. Niliwatumia picha na kuwaeleza tatizo, nikajibiwa kwa mstari mmoja: "Andika prompti ndefu zaidi." Hakuna salamu, hakuna pole, na mbaya kuliko yote, ushauri wenyewe ni wa uongo. Ukirefusha prompti matone yanazidi kunenepa, na sababu ni hesabu ya piseli.

Chukua picha ya piseli 1024 kwenda juu, mtu wa mita 1.7 amesimama, amechukua piseli kama 900. Kila piseli inabeba karibu milimita 1.9. Tone halisi la milimita 3 linapata piseli moja na nusu tu, yaani halichoreki. Lakini umeliagiza, kwa hiyo modeli inalivimbisha mpaka lionekane. Piseli 10 ni sentimita 2 kwenye koti, na hiyo ndiyo zabibu yako. Kwa picha inayoonyesha mwili wote, basi, usitaje matone kabisa. Omba mng'ao mabegani, michirizi myembamba kwenye mikono ya koti, na maji yanayodondoka kwenye pindo.

Matone yaje baadaye, kwa ile brashi ya kuchora upya sehemu ya picha. Hapa lazima niseme ukweli ingawa bado nina hasira: brashi yao ni nzuri sana. Paka bega na mkono hadi kiwiko, chagua sehemu hiyo ichorwe peke yake kwa ukubwa kamili, na weka nguvu ya mabadiliko kati ya 0.35 na 0.45. Ukizidisha, mishono inahama. Ukipunguza mno, hakuna kinachobadilika. Sasa upana wa sentimita 40 umepata piseli 1024, na tone lile lile lina karibu piseli 8. Prompti ya sehemu hiyo:

```
shoulder and sleeve of a yellow rubberized raincoat,
surface dry between the drops, clear water beads of
mixed sizes, narrow water runs on the sleeve,
light from upper left
```

Maneno yanayofanya kazi kubwa ni `dry between the drops`. Maji yanajikusanya kuwa shanga kwa sababu utando wa koti unayakataa, hivyo nafasi kati ya tone na tone hubaki na rangi yake ya kawaida. Usiandike `not soaked` kwenye prompti kuu, maana mara nyingi modeli inashika `soaked` na kuiacha `not`. Neno hilo liweke kwenye kisanduku cha vitu visivyotakiwa.

Kisha kagua kwa kuikuza picha. Begani panalala matone madogo ya duara pamoja na makubwa yaliyobapa kidogo, kwa kuwa tone likizidi milimita 3 hivi uzito wake huanza kulishinda. Kwenye mkono wa koti unaoning'inia, makubwa hayakai: yanateremka, yanayameza madogo njiani na kuacha mstari safi. Ukiona shanga nene zimekaa tuli kifuani, chora upya. Angalia pia mwanga. Ukitoka juu kushoto, kila tone lina nukta nyeupe upande huo, na ndani yake ng'avu zaidi upande wa pili. Nukta zikitazama huku na huku, picha hiyo haifai.

Kwa hayo ningepandisha hadi nyota tatu. Halafu zikaja gambuti, hasira ikarudi. Ukiandika `boots` bila `rubber`, unapata ngozi iliyolowa na kuwa nyeusi. Mpira hauna nyuzi za kunywa maji, hauwezi kubadilika hivyo. Hata ukiandika `rubber boots`, matone yanabandikwa kuanzia juu hadi kisigino. Shanga zinastahili kukaa juu ya kidole, palipolala. Shingo ya buti ipate michirizi, na chini karibu na soli yawe madoa ya matope yaliyoruka kutoka ardhini. Brashi nayo inagoma hapa: ukigusa dimbwi kidogo tu, inachora buti jipya lakini kivuli chake majini kinabaki cha buti la zamani. Paka buti pekee, uishie juu kidogo ya mstari wa maji.

Nyota mbili, basi. Nitaendelea kuilipia kwa makoti. Gambuti nazipeleka kwingine mpaka brashi irekebishwe, na huyo aliyenijibu ajaribu mwenyewe prompti yake ndefu.