Moldi yako au ya kiwanda, ushuru unakaaje?

Tuseme uko Mtwara unaagiza China makopo 40,000 ya plastiki ya kupakia korosho, dola 0.30 kila moja, yaani 12,000, na moldi, yaani kalibu la kutengenezea makopo hayo, ni 4,000. Nauli na bima tuziweke pembeni kwanza.

Ukinunua moldi mwenyewe ukakipa kiwanda bure, invoisi inasoma 12,000 na wengi hapo wanajiona wamepona, wapi! Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inairudisha moldi kwenye thamani, inakuwa 16,000, na kama ushuru ni 25% unalipa 4,000 sio 3,000. Kiwanda kikitengeneza moldi chenyewe kitakuuzia kopo 0.40, jumla ni ileile 16,000.

Ila mimi nachagua moldi yangu kama naagiza tena, maana mkataba ukionyesha moldi itatoa makopo 160,000, mzigo huu unabeba 1,000 tu ya moldi, ushuru 3,250. Bila mkataba jiandae kubebeshwa yote kwenye mzigo wa kwanza. Na mchoro wa kopo mpe kijana wa hapa Ligula, uliochorwa nchini hauongezwi, ukichorewa China ukalipia pembeni unaongezwa.