Tangi la Choo Linalotoka Jasho: Nunua Lipi, na Usinunue Lini

Julai iliyopita nilitoa shilingi 9,800 kununua tangi jipya la choo, la kauri, kwa sababu kila asubuhi tulikuta maji sakafuni nyuma ya choo. Fundi alilifunga Jumamosi. Jumatatu tukakanyaga maji yaleyale. Tangi la kwanza halikuwa limepasuka popote. Lilikuwa linatoka jasho, nami nikalitupa.

Bafu letu halina dirisha, na watu watano huoga maji moto kabla ya saa moja asubuhi. Maji ya choo yanatoka kwenye tangi la paani, ambalo usiku wa Julai hapa Nairobi hulala kwenye baridi ya nyuzi 11 au 12. Hewa ya nyuzi 22 yenye unyevu wa asilimia 80 huacha umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 18 kushuka chini. Kauri iliyojaa maji ya paani iko chini ya hapo, kwa hivyo mvuke wa kuoga unagandamana nayo na kuchuruzika.

Fundi alifunga koki usiku, sakafu ikaamka kavu, akasema huo ni ushahidi kwamba tangi linavuja. Si ushahidi. Ukifunga koki, maji baridi mapya hayaingii, tangi linapata joto la chumba na jasho linakatika pia.

Aliyenisaidia ni mzee wa ghorofa ya chini aliyefanya kazi ya bomba miaka mingi. "Mama, usinunue kitu tena kabla hujatia rangi," aliniambia. Tulipangusa tangi hadi likakauka, tukafunga tishu kwenye nati ya paipu inayoleta maji na kwenye bolti za chini, kisha tukatia ndani rangi ya keki ya buluu. Kwa nusu saa hakuna aliyevuta maji. Tishu ikichukua buluu, tangi linavuja. Tishu ya kwenye nati ikilowa maji meupe, ni paipu, kwa sababu hayo maji hayajafika kwenye rangi. Lakini paipu hulowa pale kwenye nati tu, ilhali jasho hutanda tangi zima na kukomea pale maji ya ndani yanapoishia. Juu ya mstari huo kauri ni kavu.

Kwetu tishu za chini hazikuchukua rangi, ile ya nati ilibaki kavu, na ukungu ulitanda hadi kwenye mstari. Kilichonishtua ni bakuli: maji yake yaligeuka buluu. Mpira wa chini, ule unaoziba tundu la kushushia maji, ulikuwa unapitisha kimyakimya. Tangi likawa linajijaza usiku kucha kwa maji baridi, halipati nafasi ya kupata joto. Tangi lilikuwa jipya, la wiki moja! Mpira mwingine wa shilingi 250 ulipunguza jasho hadi likabaki la wakati wa kuoga tu.

Ndiyo maana kwangu mpira huo unatangulia umbo, rangi na vitufe viwili. Ukijenga au ukivunja ukuta, nunua tangi la kampuni ya Geberit, la kufichwa ukutani. Ni la plastiki, limevishwa povu la kuzuia jasho tangu kiwandani, na mpira hubadilishwa kupitia tundu la kitufe bila kubomoa. Ni ghali, na mpangaji halimhusu, lakini ndilo ninalolipenda na ndilo nitakaloweka nikijenga.

La pili ni la kauri lililowekwa povu au tangi dogo la plastiki kwa ndani. Fungua kifuniko uone kwa macho yako. La plastiki la kutundika halitoki jasho sana, ila kifuniko hulegea. Kauri tupu ni la mwisho, hasa kwa bafu lisilo na dirisha.

Sasa wauzaji. Yule aliyeniuzia alikataa kufungua sanduku kabla sijalipa, na niliporudi akasema vifaa vya ndani havina dhamana. Nilipouliza mpira peke yake, nikaambiwa ninunue mtambo mzima wa ndani kwa 2,800. Mpira wa 250 niliupata duka la tatu, barabara hiyohiyo. Inaniuma kwa sababu mpangaji ambaye hajaambiwa atalipa hizo 2,800, halafu atalipa fundi, na sakafu bado italowa.

Siku hizi silipi kabla sanduku halijafunguliwa. Nautoa mpira, naukunja, nauachilia. Usiporudi bapa mara moja, au ukiwa na alama ya kubanwa ukingoni, naomba mwingine hapohapo kaunta.