Blogu ya kila mwezi au ukurasa mmoja wa maswali?

Chukua fundi wa sola mwenye tovuti ya kurasa nne. Akifungua blogu, kila makala hubeba tarehe, na hapo ndipo penye mtego: mteja akikuta ya mwisho iliandikwa miaka miwili nyuma, atadhani ofisi imefungwa. Makala moja nzuri, pamoja na picha, humla saa tano hivi. Kila wiki ni saa ishirini kwa mwezi, na nani atapanda mapaani? Moja kwa mwezi inabebeka.

Ukurasa wa maswali ya wateja hauna tarehe. Kila swali analijibu mara moja tu, kwa mfano: betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200; ukitumia nusu ili isife mapema, friji inayokula wastani wa wati 50 itakwenda kwa muda wa saa kumi na mbili, pungufu kidogo kwa sababu ya inveta. Bei zikibadilika, anarekebisha palepale.

Mimi ningeanza na ukurasa. Apekue WhatsApp yake: akipata maswali kumi na mawili yanayohitaji maelezo marefu, ana mwaka mzima wa blogu. Akipata matano, asiifungue.