Juisi hazikufika: nilivyorudishiwa pesa zangu, Kisumu

Nyota tatu kati ya tano. Chakula kilifika Tom Mboya kikiwa moto na kijana wa bodaboda alikuwa na adabu. Shida ni juisi mbili ambazo hazikuwemo mfukoni, na jinsi pesa zake zilivyorudishwa.

Kupitia programu ya simu ya kuagiza chakula, niliagiza kuku wa shilingi 700, chipsi sahani mbili za 400 na juisi mbili za 400. Jumla 1,500. Siku hiyo kulikuwa na punguzo la asilimia 20, yaani 300, kwa hiyo chakula kikawa 1,200. Juu yake kulikuwa na ada ya huduma 150 na ada ya kuletewa 120. Nikalipa 1,470 kwa M-Pesa.

Mfuko ulikuwa umepigwa stepla pamoja na risiti, na juisi zilikuwa zimeandikwa kwenye risiti hiyo. Kijana wa boda hana ruhusa ya kuufungua, kwa hiyo sikumlaumu. Aliyefunga ni mkahawa. Nilipiga picha ya vyote vilivyokuwemo, risiti ikionekana kando, kabla hatujagusa chochote, kisha nikaripoti kwenye programu papo hapo.

Walirudisha 320. Wengi hapo hudhani wameibiwa 80, lakini hesabu hiyo ni sawa: punguzo lilikata asilimia 20 kwa kila kitu, hivyo juisi za 400 nilizilipia 320 tu. Ada ya kuletewa nayo sikuidai. Pikipiki ilikuja hadi mlangoni, na safari ingekuwa ileile hata juisi zingekuwemo.

Nililokataa ni ada ya huduma. Ile 150 ni asilimia 10 ya 1,500, bei ya kabla ya punguzo. Basi shilingi 40 kati yake zilitozwa kwa sababu ya juisi ambazo hazikuletwa. Ingekuwa ada isiyobadilika, ileile kwa oda ndogo na kubwa, ningenyamaza. Lakini ada inayopanda na bei ya chakula inapaswa kushuka chakula kinapopungua. Mhudumu wa programu alinijibu mara ya kwanza kwamba "ada hazirudishwi". Nikamwandikia hesabu hiyo mstari kwa mstari, na 40 ikarudi bila ubishi zaidi. Inaniudhi kwamba mfumo haufanyi hivyo wenyewe, maana wateja wengi hawataidai.

Jambo jingine: zile 320 ziliwekwa kwanza kama salio ndani ya programu, lenye tarehe ya kuisha. Mimi nililipa kwa M-Pesa, sikununua salio. Niliomba pesa zirudi kwenye simu, na zikarudi siku iliyofuata. Ukiripoti, soma vizuri unapochagua pa kurudishiwa, kwa sababu chaguo la salio ndilo lililotiwa alama tayari.