Umeme ukikatika kazi haijakabidhiwa: ununue nini kwanza?

Umeme ukikatika Dar, wengi wetu tunaoishi kwa kazi za mtandaoni huwaza laptopu. Nami niliwaza hivyo miaka miwili nilipoanza kutafsiri manukuu ya video, mpaka nilipogundua kwamba laptopu ilikuwa na betri ya saa mbili ndani yake, na kinachozimika papo hapo ni rauta. Ndiyo maana naanza na kifaa ambacho wengi hukinunua mwisho.

Namba moja: UPS ndogo ya rauta. Ni kiboksi cha kutosha kiganjani chenye betri ndani, kinakaa kati ya chaja na rauta, na umeme ukienda intaneti haikatiki hata sekunde. Wengine husema hotspoti ya simu inatosha. Kwa nusu saa, sawa. Lakini mtaa mzima ukiwa gizani kila mtu anahamia kwenye bando, mnara unaelemewa, na giza likiendelea betri za mnara wenyewe huisha. Waya wa faiba unaoletwa mpaka ndani kwa kawaida hautumii umeme njiani, kwa hiyo mara nyingi unabaki hai wakati simu zinasuasua.

Zinazoonekana sana madukani Kariakoo zimeandikwa 8800 mAh. Usiisome namba hiyo peke yake. Inahesabiwa kwa volti 3.7 za seli, si 12 za rauta, kwa hiyo zidisha: 8.8 mara 3.7 ni kama wati-saa 32. Toa moja ya tano inayopotea njiani, zinabaki kama 26. Rauta na kiboksi cha faiba, kile ambacho waya wa faiba unaingia, vikila wati 10 kwa pamoja, unapata saa mbili na nusu. Kumbuka hivyo mara nyingi ni vifaa viwili, kila kimoja na chaja yake. Ukiwasha rauta ukasahau kiboksi cha faiba, hujafanya kitu.

Kabla ya kununua, geuza rauta usome kibandiko chake. Ikiwa imeandikwa 9V, ukaichomeka kwenye tundu la 12V, unaweza kuiunguza. Halafu umeme ukikatika mara ya kwanza, tazama taa za kiboksi cha faiba: PON ikibaki imetulia na LOS haijawaka nyekundu, laini yako ni nzima. LOS ikiwaka nyekundu kila umeme unapokatika, kuna kifaa cha njiani, pengine kwenye ngazi za jengo lenu, kinachozimika pia, na UPS yako haitakusaidia. Hapo laini ya mtandao mwingine ndiyo ya kununua.

Namba mbili: pawa benki ya USB-C yenye PD, yaani mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa, ya wati 65. Ya 20,000 mAh ina wati-saa 74, na zinazofika kwenye laptopu ni kama 60. Laptopu ya kuandikia inayokula wati 20 inapata saa tatu za ziada. Niliwahi kuuziwa moja iliyoandikwa 50,000, nyepesi kama simu. Haikumaliza saa moja. Ya kweli ya 20,000 ina uzito unaousikia mkononi, na wati-saa zimechapwa kwenye ganda lake. Nenda dukani na laptopu yako, ichomeke, uone alama ya kuchaji kabla hujalipa, maana laptopu nyingi za zamani hazichaji kwa USB-C.

Namba tatu: inveta na betri. Hii ni ya mwenye kompyuta ya mezani, au nyumba yenye watu wawili wanaofanya kazi. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ina wati-saa 1,200, lakini tumia nusu tu, la sivyo inakufa mapema.

UPS ya kawaida ya mezani naiweka chini. Betri yake ya 7Ah hushikilia dakika chache, ni za kuhifadhi kazi na kuzima. Jenereta naiweka mwisho kabisa kwa wapangaji: moshi wake unaua ukiingia ndani, na majirani wa Sinza au Tabata wako ukutani.

Tuchukue siku moja. Mteja wa London anataka kazi saa 12 jioni kwake, majira yao ya kiangazi, yaani saa 2 usiku kwetu. Umeme unakatika saa 10 alasiri. Laptopu inakupeleka mpaka saa 12, pawa benki mpaka saa 3 usiku. Rauta inakufa saa 12 na nusu. Kwa hiyo usiiache iwake bure: pakua faili zote mara moja, izime, andika bila mtandao, uiwashe saa 1 na nusu kutuma.

Kuna siku moja vifaa hivi vyote havifui dafu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mitandao mingi ikayumba kwa pamoja, hata mwenye laini mbili. Tangu hapo kazi kubwa natuma rasimu kamili siku moja kabla.