Bima ya Duka kwa Wanakikundi: Ipi Inunuliwe Kwanza na Nini Kikaguliwe Kabla ya Kulipa

Ndugu mwenyekiti, ndugu mweka hazina na wanakikundi wenzangu, nimeombwa nizungumze kwa muda mfupi kuhusu bima ya maduka. Kwa kuwa wengi wetu tumekwisha kufuatwa na mawakala wenye vipeperushi, nitazungumza kama mtu anayemsindikiza mwenzake sokoni kuchagua bidhaa: ipi ichukuliwe kwanza, ipi ifuate, na ipi inaitwa bima lakini haimlindi mwenye duka.

Nianze na swali aliloniuliza mwenzetu mmoja wiki iliyopita: kwa nini tulipe kampuni ya mjini ilhali tuna mfuko wa jamii ndani ya sanduku letu? Tupige hesabu. Tuko wanachama 30, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa wiki, na mfuko usipoguswa mwaka mzima unafikia shilingi 1,560,000. Fedha hizo zinatosha kumfariji mwenzetu aliyefiwa. Lakini maduka ya wanachama sita yamepangana ukuta kwa ukuta karibu na stendi, na kila moja likiwa na mali ya shilingi 5,000,000 tu, moto mmoja wa usiku unateketeza shilingi 30,000,000. Tatizo si kwamba mfuko ni mdogo, kwa maana hata tungeuongeza mara tano bado usingetosha. Tatizo ni kwamba moto haumchagui mwanachama mmoja, bali huwapata majirani wote kwa pamoja, na wale ambao wangepaswa kuchangia ndio hao hao walioungua. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wafanyabiashara waliopoteza mali walikuwa majirani wa ukuta mmoja. Kampuni ya bima inaweza kulipa kwa sababu imekusanya ada kwa watu wa mikoa mingi ambao hawaungui siku moja. Kwa hiyo mfuko wa jamii nauweka mwisho kabisa katika orodha yangu, ingawa ubaki kwa kazi yake.

Juu yake kidogo naweka bima ya mkopo, ile ambayo baadhi yenu mmekatwa mlipochukua fedha benki au kwenye taasisi za mikopo. Wengi huamini kwamba kwa makato hayo duka limekwisha kukatiwa bima. Kwa kawaida bima hiyo hulipa deni lililobaki iwapo mkopaji amefariki au amepata ulemavu wa kudumu, na anayelipwa ni mkopeshaji. Duka likiungua na wewe ukiwa mzima, deni linabaki lako. Mwombe ofisa wa mikopo akuoneshe kwenye karatasi ni tukio gani linalolipwa. Jibu la mdomo lisikutoshe.

Nafasi ya tatu naipa bima ya moto peke yake. Hii hulipa hasara ya moto na ya radi, na ni ya bei nafuu. Udhaifu wake kwa maduka yetu ya kijijini ni kwamba mafuriko, upepo unaong'oa bati na mvua inayoingia baada yake, pamoja na wizi, havimo isipokuwa vimeongezwa kwa maandishi. Mtu ambaye duka lake liko bondeni na amenunua bima ya moto peke yake amejikinga na jirani huku adui akipitia mlango wa nyuma.

Ya pili ni bima ya pamoja inayokatwa kwa jina la kikundi. Faida yake ni kubwa kwa mwenye duka dogo, kwa kuwa kampuni nyingi zina kiwango cha chini cha ada ambacho kwa mtu mmoja mwenye mali kidogo huonekana kizito, lakini kikigawanywa hubebeka. Hatari yake ni mbili. Kwanza, kila mwanachama lazima aorodheshwe kwa jina, mahali duka lilipo na thamani ya mali yake, maana asiyekuwa kwenye jedwali hana bima hata kama alitoa fedha. Pili, mweka hazina akizishika fedha wiki tatu akisubiri wachelewaji, wote mnakaa wiki tatu bila kinga, kwa sababu hapa Tanzania kinga haianzi mpaka ada ilipwe kwa kampuni. Ulizeni pia kama kuna kikomo cha jumla kwa tukio moja, kwani kikomo cha shilingi 10,000,000 kwa maduka sita yaliyoungana kinaturudisha kwenye tatizo la sanduku.

Ya kwanza, kwa mwenye mali inayotosha kubeba ada yake mwenyewe, ni mkataba wake binafsi wa moto na majanga mengine, ulioongezewa wizi wa kuvunja. Kwa mwenye genge lenye mali isiyofika shilingi milioni mbili, mimi ningeanza na ile ya pamoja bila kuona haya.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo nimeona likiwaumiza watu kuliko ada yenyewe, nalo ni kiasi unachokiandika kwenye fomu kuwa thamani ya mali yako. Chukulia mwenzetu mwenye duka la vyakula na vitu vya matumizi, aliyehesabu mali yake mwezi Februari, wakati rafu zimebaki wazi baada ya sikukuu na ada za shule. Akapata shilingi 4,000,000, akaziandika. Mwezi Desemba akajaza duka kwa ajili ya msimu, mali ikafika shilingi 8,000,000, na usiku mmoja moto ukaunguza bidhaa za shilingi 3,000,000. Yeye anafikiri kwamba kwa kuwa hasara ni ndogo kuliko kiasi alichokatia, atalipwa yote. Mkataba wa bima ya mali, hata hivyo, kwa kawaida una kifungu cha uwiano: ukikatia nusu ya thamani, wewe mwenyewe unahesabiwa kuwa mbebaji wa nusu nyingine katika kila hasara, iwe kubwa au ndogo. Basi 4,000,000 zikigawanywa kwa 8,000,000 ni nusu, na nusu ya hasara ni shilingi 1,500,000. Hapo bado kuna sehemu ya hasara ambayo mkataba unamtaka mwenye duka aibebe mwenyewe. Tuseme ni asilimia 10 ya fidia, anabaki na shilingi 1,350,000.

Alichookoa ni kiasi gani? Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, ada ya asilimia 0.5 kabla ya kodi. Kwa shilingi 4,000,000 alilipa 20,000. Kwa 8,000,000 angelipa 40,000. Kwa kubana shilingi 20,000 amekosa nyingine 1,350,000, kwa kuwa angekatia thamani kamili angepokea 2,700,000. Kwa hiyo hesabuni mali ya msimu wa juu kabisa wa mwaka, kwa bei mliyonunulia na nauli ya kuileta, si kwa bei ya kuuzia, maana bima hurudisha ulichopoteza na hailipi faida ambayo hujaipata. Kuandika zaidi ya thamani nako hakusaidii: aliyekatia shilingi 12,000,000 kwa mali ya 8,000,000 amelipa ada ya ziada bure.

Tofautisheni pia jengo na kilichomo. Mpangaji hakatii ukuta wa mwenye nyumba. Anakatia bidhaa, rafu, jokofu na mizani, kila kundi na kiasi chake. Wenzetu wanaofanya uwakala wa fedha za simu wajue kwamba fedha taslimu kwenye droo hazihesabiwi kuwa bidhaa, na zinahitaji kipengele chake chenye kikomo chake.

Kabla ya kutoa fedha, jambo la kwanza la kukagua ni mtu anayeuza. Kampuni, wakala na dalali wa bima wanapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, na mamlaka hiyo ina mfumo wa TIRA MIS unaotumika kuhakiki hati za bima. Mwombeni wakala cheti chake cha mwaka huu, na fedha ziende kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye namba yake ya simu.

La pili ni fomu ya maombi, na hapa naomba tuwe wakali kwa nafsi zetu. Mara nyingi wakala huijaza mwenyewe kwa haraka na kutuachia mahali pa sahihi, kisha likitokea jambo, majibu yaliyoandikwa mle yanakuwa yetu. Kama paa ni la makuti, andika makuti. Kama unauza petroli ya chupa kwa bodaboda, au mitungi ya gesi, au nyuma ya duka pana jiko la chipsi la jirani, liandikwe hata kama ada itapanda. Mtathmini wa hasara atayaona mabaki ya mitungi kwenye majivu, na kampuni itakuwa na sababu ya kukataa madai yote. Ukihamisha duka au ukianza biashara mpya yenye hatari, toa taarifa kwa maandishi siku hizo hizo.

La tatu ni maana ya wizi. Mkataba wa wizi wa kuvunja hutaka alama: kufuli iliyokatwa, nondo iliyopindwa, bati lililofumuliwa. Bidhaa zilizopungua kidogo kidogo, au zilizochukuliwa na kijana wa dukani mwenye funguo, hazimo.

La mwisho ni daftari. Fidia hulipwa kwa kinachothibitika, na daftari la mali lililoungua pamoja na duka haliwezi kuthibitisha lolote. Hesabu ya kila mwisho wa mwezi, risiti za jumla na hati ya bima yenyewe zipigwe picha na kuhifadhiwa nyumbani na kwenye simu ya mtu wa pili; sioni kwa nini katibu wetu asitunze nakala. Hasara ikitokea, piga 114 kwa Zimamoto, toa taarifa polisi, ijulishe kampuni kabla ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba kwisha, na usifagie wala kutupa kilichoungua mpaka mtathmini afike, hata kama majirani wanakuhimiza usafishe. Madai yakikataliwa na huridhiki na sababu, omba barua ya kukataliwa, kwa kuwa bila barua hiyo ni vigumu kulifikisha shauri mbele ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.