Nilinunua mchezo wa kumtafuta muuaji mezani, nikaambiwa wageni wangu wazito

Nyota mbili. Nilitaka kutoa moja, nikakumbuka ile hadithi ya umeme nikaongeza. Kila nikiikumbuka sauti ya kijana aliyeniuzia natamani kuiondoa nyota hiyo niliyoongeza.

Ilikuwa msimu wa korosho uliopita, minada imeshaanza, ndugu wamejaa Mtwara. Mdogo wangu alikuwa anatimiza miaka thelathini, akasema safari hii hataki kumwagiwa maji, anataka kitu cha kukaa na kula. Kuna kijana hapa mjini anatengeneza michezo ya mauaji: unamtajia idadi ya wageni, anakuletea bahasha, kila mtu anakuwa mshukiwa, mnakula huku mnachunguzana. Nikalipa elfu sitini kwa watu wanane.

Hadithi, nikiri, ni tamu. Tajiri wa korosho kakutwa amekufa ghalani kwake, glasi ya juisi ya ukwaju pembeni. Sasa mmekaa mnakula matangani: mke mdogo, mtoto wa kwanza, karani wa ghala, mpima mizani, dalali, dereva wa fuso, mpishi na jirani. Muuaji ni karani. Kaandika stakabadhi za magunia 40 ambayo ghalani hayapo, na tajiri alikuwa ameshasema kesho anakwenda kuhesabu mwenyewe. Ukimuuliza karani alikuwa wapi, anasema saa mbili usiku alikuwa kwake anaangalia taarifa ya habari, na anakusimulia habari zenyewe moja baada ya nyingine. Ukweli ni kwamba usiku ule mtaa mzima haukuwa na umeme kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu. Habari alizisoma baadaye kwenye simu.

Nani asingependa kumnasa mtu kwa kitu kama hicho? Ila hatukumnasa.

Habari ya umeme ilikuwa kwenye bahasha moja tu, ya dereva. Dereva alikuwa shemeji. Kabla wali haujaiva vizuri simu yake ikaita, mgeni wake ameshuka stendi, akatoka na karatasi ikiwa kwenye mfuko wa shati. Alirudi tunaosha vyombo.

Huku nyuma tukabaki tunazunguka. Binamu yangu, mpishi, alikuwa na vidokezo kumi na moja, anasoma kama anahutubia, wengine wanatafuna pweza. Shangazi yangu, jirani, bahasha yake ilikuwa na mstari mmoja: alisikia mbwa akibweka. Basi. Mama wa watu kavaa kanga yake mpya kwa ajili ya mchezo, akamaliza habari yake ya mbwa kwa dakika moja, akavuta sahani ya ming'oko akaanza kumenya taratibu bila kumtazama mtu. Kibaya zaidi, karatasi ya maelekezo haikusema nani anaruhusiwa kudanganya. Mtoto wa kwanza akaona raha, akatunga kwamba mke mdogo alikuwa na chupa ya sumu ya panya. Tukapoteza nusu saa kwenye chupa isiyokuwepo.

Kura: wanne wakamtaja dalali, watatu mke mdogo, karani hakuna. Nikafungua bahasha ya majibu, nikasoma pale kwenye umeme. Shangazi akaweka kisu chini.

"Mwanangu, umeme ukatike mtaa mzima, halafu mimi jirani nisijue?"

Kosa lote liko kwenye swali hilo. Jambo ambalo wahusika wote wangelijua kwa kuishi tu pale, mtunzi kalifanya siri ya mtu mmoja. Kumshinda mgeni kwa namna hiyo ni kumwibia.

Nikampigia kijana kesho yake, kwa adabu kabisa. Hakupokea. Jioni akatuma sauti: "Dada, mchezo wangu hauna tatizo, wengi wameufurahia. Labda wageni wako wazito." Wazito! Shangazi yangu aliyegundua kosa lake akiwa na kisu na ming'oko mkononi ndiye mzito.

Kwa hasira hiyo nikachukua kalenda ya zamani, nikaigeuza nyuma, nikapiga mistari. Chini washukiwa wanane, juu mambo matatu: ana sababu, ana njia, alikuwa na nafasi. Muuaji lazima awe na yote matatu, na wengine wawe nayo angalau mawili, la sivyo wanaachwa mapema na aliyevaa uhusika huo anakaa kama mwalikwa wa bahati mbaya. Pale ndipo nikaona kwa nini tulimkimbilia dalali: kijana alimpa sababu tatu za kuua, na hakuandika popote kitu cha kumtoa. Jirani hakuwa na hata moja. Nikampa shangazi deni alilokuwa anamdai marehemu, na ufunguo wa geti la nyuma.

Halafu ule umeme. Nikaufuta kwenye bahasha ya dereva, nikausambaza bila kuutaja. Dereva alishusha mzigo akiwa amewasha taa za gari. Mke mdogo alikuta samaki wameanza kuyeyuka kwenye friji. Jirani alimtuma mtoto dukani kununua mishumaa. Kila mmoja ana kitu kisichomtisha, anakisema bila kujua amesema nini, na wawili wakikutana ndipo mtu wa tatu anashtuka. Akitoka mmoja kwenda stendi wanabaki wawili. Magunia nayo nikayafanya hivyo hivyo: idadi ya kwenye stakabadhi anayo dalali, idadi ya mizani anayo mpimaji, na mtoto wa kwanza anamkumbuka baba yake akihesabu na kurudia kuhesabu.

Kila bahasha ikawa na mambo manne: moja lako unaloficha, mawili ya wenzako, na kitu kimoja cha kuonyesha mezani. Hayatoki yote kwa pamoja. Mawili mnaanza nayo, moja linafunguliwa wali ukiletwa, la mwisho na matunda, kwa hiyo binamu hawezi kumaliza hotuba yake kabla ya chakula. Juu kabisa nikaandika kwa kalamu nyekundu: muuaji peke yake ndiye anayedanganya, wengine mnaweza kuficha, ila mkiulizwa wazi mnajibu kweli.

Tukarudia baada ya wiki kadhaa na watu wengine wa kazini, shangazi pekee akaomba arudi, nikamfanya karani. Alisimulia taarifa ya habari kwa utulivu mpaka nikaogopa. Mke mdogo akalalamikia samaki wake, dereva akacheka akasema hata yeye alishusha mzigo kwa taa za gari, na mwalimu mmoja akaacha kijiko hewani: "Subiri. Runinga ilikuwa inawashwa na nini?" Kati ya saba waliobaki, watano walimtaja karani na wawili wakang'ang'ania dalali. Wakiwa wote saba nitajua ni rahisi mno, asipokuwepo hata mmoja basi yamerudi yale yale.

Sasa nyota. Nikiwa mkweli, ningekaa mwaka mzima nisingetunga ule uongo wa taarifa ya habari. Kijana ana kichwa, hana meza. Labda tatu. Nilikuwa nimeshaandika tatu.

Juzi kanitumia ujumbe. Kasikia nimeupanga upya mchezo wake, anaomba nimpigie picha ile kalenda "aangalie kidogo". Salamu hakuna, samahani hakuna. Nimeusoma, alama za buluu anaziona. Sijajibu, mimi nami mzito.

Mbili.